Akiba ya kununua mashine mpya ya kusaga: kuweka kwa mwezi au kwa ndoo?

Mwenye mashine ya kusaga mahindi katika mitaa ya Lubumbashi kama Katuba, Kenya au Ruashi hujua kila jioni ni fedha ngapi zimeingia, na hujua pia ni ngapi zimetoka kwa umeme, kwa kijana anayesimamia mashine na kwa kodi ya chumba. Kinachobaki huhesabiwa kuwa faida na huliwa nyumbani. Tatizo ni kwamba katika kile kilichobaki kuna sehemu ambayo si faida hata kidogo, kwa sababu ni bei ya mashine yenyewe inayomrudia mwenyewe kidogo kidogo kadiri mashine inavyochakaa. Akiila sehemu hiyo kwa miaka mitano, siku mota itakapoungua moja kwa moja atalazimika kukopa ili anunue kitu ambacho wateja walikwisha kumlipia.

Sehemu hiyo ndiyo uchakavu. Uchakavu ni hesabu tu, haumtoi mtu franki mfukoni mwezi huu, na ndiyo maana ni rahisi kuusahau. Akiba ni fedha halisi zinazotengwa kwa kufuata hesabu hiyo. Kuna watu wanaoandika uchakavu vizuri kwenye daftari na bado hawana kitu wakati wa kununua, kwa sababu waliandika bila kutenga. Hapa ninalinganisha njia mbili za kukata hesabu hiyo, yaani kiasi kilekile kila mwezi na kiasi fulani kwa kila ndoo inayosagwa, kisha ninaeleza ile ya tatu inayozichanganya, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa mashine ya kusaga hapa Lubumbashi.

Mashine tutakayoitumia kama mfano

Tuchukue mashine ya nyundo yenye mota ya umeme ya kilowati 7.5, ambayo kwa kuinunua, kuileta na kuifunga imegharimu dola 1,800. Tukadirie kwamba siku ya mwisho chuma chake na shaba ya mota vitauzwa kwa dola 200. Kinachochakaa basi ni dola 1,600. Mashine hiyo husaga kwa wastani ndoo 1,000 kwa mwezi, ndoo ya lita 20 ambayo ikijaa mahindi makavu huwa na kilo 15 hivi, na fundi anakadiria kwamba kwa kazi ya namna hiyo itadumu miaka mitano. Katika miaka hiyo itasaga ndoo 60,000. Nitahesabu dola moja kuwa franki 2,250 na bei ya kusaga ndoo moja kuwa franki 600. Kila msomaji abadilishe tarakimu hizi aweke zake, kwa maana bei ya mashine na ya kusaga hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa.

Jambo moja la kuliweka kando kabla ya kuendelea ni vipuri vya kila mara. Nyundo, chekeche, mkanda na beringi havimo katika akiba hii, bali vinalipwa na mapato ya mwezi kama umeme unavyolipwa. Nyundo ina pembe nne na hugeuzwa mara kadhaa kabla ya kutupwa, na chekeche hutoboka, kwa hiyo hizo ni gharama za kazi. Anayenunua nyundo kwa fedha za akiba atakuta akiba imekwisha kabla ya mashine. Akiba inangoja mambo makubwa, yaani mwili wa mashine uliopasuka au kuliwa hadi hauwezi kuunganishwa tena, mhimili uliokwisha, au mota ambayo imekwisha kufungwa waya upya na haifai kufungwa mara nyingine.

Njia ya kwanza: kiasi kilekile kila mwezi

Dola 1,600 zikigawanywa kwa miezi 60 hutoa karibu dola 26.70, yaani franki 60,000 kwa mwezi. Hakuna hesabu nyepesi kuliko hiyo. Haihitaji daftari la ndoo, haihitaji kumwamini wala kumshuku kijana wa mashine, na mtu anayetoa mchango wa kila mwezi katika likelemba anaielewa siku hiyohiyo. Pia inakubali ukweli kwamba mashine huzeeka hata ikiwa imesimama: mpira wa mkanda hukakamaa, kutu hula bati wakati wa mvua, na unyevunyevu huharibu kihami cha waya ndani ya mota.

Udhaifu wake huonekana katika miezi mibaya. Mahindi ya Haut-Katanga huvunwa kuanzia Aprili, na miezi inayofuata watu huwa na mahindi yao wenyewe ya kusaga. Kuanzia Januari hadi Machi, kabla ya mavuno mapya, mahindi huadimika na familia nyingi hununua unga uliokwisha kusagwa ili zipate bukari. Tuseme basi mashine yetu husaga ndoo 1,500 katika kila mmoja wa miezi minne mizuri, ndoo 900 katika miezi mitano ya kawaida, na ndoo 500 katika miezi mitatu ya ukame wa kazi. Kwa mwaka ni ndoo 12,000, na wastani unabaki 1,000 kwa mwezi. Katika mwezi wa ndoo 500 mapato ni franki 300,000. Umeme, mshahara na kodi vikichukua 250,000, zinabaki 50,000, wakati akiba inadai 60,000.

Hapo mwenye mashine hana namna ila kuruka mwezi huo. Kuruka mwezi mmoja si msiba, lakini kanuni ya kiasi kilekile haisemi mwezi ulioruka utalipwa lini, na kwa kawaida haulipwi kamwe. Ulipofika Mei, fedha zikiwa nyingi, kanuni bado ilidai 60,000 tu, ikaziacha nyingine zote zitumike kama faida. Njia hii humbana mtu anapokuwa dhaifu na kumwachia anapokuwa na nguvu.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, ingawa hauonekani haraka. Tuseme mashine ya jirani imekufa na wateja wake wote wamehamia kwako, ukawa unasaga ndoo 1,600 kwa mwezi. Ndoo 60,000 zitakwisha katika miezi 37 na nusu, si 60. Siku hiyo, aliyetenga franki 60,000 kila mwezi bila kukosa atakuwa na dola 1,000 badala ya 1,600. Alikuwa mwaminifu, kazi ilikuwa nzuri, na bado dola 600 hazipo, kwa sababu alihesabu kalenda wakati mashine ilikuwa ikihesabu mahindi.

Njia ya pili: kiasi fulani kwa kila ndoo

Dola 1,600 zikigawanywa kwa ndoo 60,000 hutoa franki 60 kwa ndoo. Katika kila franki 600 ambazo mama analipa kwa ndoo yake, 60 ni za mashine. Mwezi wa ndoo 1,500 hutoa franki 90,000, na mwezi wa ndoo 500 hutoa 30,000, kiasi ambacho kinapatikana hata katika ule mwezi uliobakisha 50,000. Wateja wa jirani wakihamia kwako, akiba hupanda pamoja na kazi, na ndoo ya 60,000 inapotoka dola 1,600 zimekwisha kutimia, hata kama ni mwaka wa nne.

Si mbinu ya mtaani tu. Kanuni za uhasibu za OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi kadhaa za Afrika ambao Kongo ni mwanachama wake tangu 2012, zinakubali uchakavu uhesabiwe kwa miaka sawasawa na pia kwa wingi wa kazi iliyofanywa na kifaa. Kampuni za migodini zinazohesabu saa za injini za magari yao makubwa zina sababu ileile aliyo nayo mwenye mashine ya kusaga.

Ugumu wa njia hii uko kwenye kuhesabu. Ndoo isiyoandikwa haitengewi kitu, na ndoo isiyoandikwa mara nyingi ni ile ambayo fedha zake hazikufika kwa mwenye mashine. Kuna namna ya kukagua bila kugombana na mtu, nayo ni mita ya umeme. Chagua siku moja, simama mwenyewe, soma mita, saga ndoo kumi zilizopimwa vizuri, kisha soma mita tena. Mashine ya kilowati 7.5 inayosaga kilo 200 kwa saa itatumia karibu uniti 6 kwa ndoo kumi, yaani 0.6 kwa ndoo moja. Ukiisha kujua kipimo cha mashine yako, mwisho wa mwezi gawanya uniti zilizotumika kwa kipimo hicho, kisha linganisha na daftari. Ikiwa mita imetembea uniti 750 na daftari lina ndoo 1,000, zile uniti 150 za ziada zina maelezo mawili tu ya kawaida: ama kuna ndoo 250 ambazo hazikuandikwa, ama mashine inatumia umeme mwingi kuliko kawaida kwa sababu nyundo zimekuwa butu au chekeche limeziba. Rudia jaribio la ndoo kumi kabla ya kumlaumu kijana. Zikitumia uniti 7.5 badala ya 6, tatizo liko ndani ya mashine. Na unga huwa umekwisha kulisema, kwa kuwa unatoka ukiwa wa moto na kazi inakwenda polepole.

Asiye na mita yake, au anayelipa shirika la umeme la SNEL kwa kiasi kilichopangwa bila kipimo, anaweza kumwomba fundi amfungie mita ndogo kwenye waya unaoingia katika mota peke yake. Bila kipimo chochote cha kukagulia, na ikiwa mwenye mashine hakai hapo, njia ya kuhesabu ndoo haina msingi, na ni afadhali abaki na ile ya kwanza.

Kasoro nyingine ni kwamba mashine iliyosimama haitengewi kitu. Transfoma ya mtaa ikiungua na kungojewa miezi miwili, daftari litaonyesha ndoo sifuri na akiba sifuri, wakati mkanda na mota vinaendelea kuzeeka. Tena, kinachoua mota nyingi katika mitaa yetu si wingi wa saa bali ubaya wa umeme: volti zikishuka jioni watu wote wanapopika, mota hunywa ampea nyingi ili iendelee kuzunguka na mahindi yale yale, na hupata moto. Mota yenye fezi tatu ikikosa fezi moja huku ikiendelea kuzunguka inaweza kuungua kwa muda mfupi sana. Hilo haliwezi kutabiriwa na hesabu ya ndoo wala ya miezi. Dawa yake ni kifaa cha kinga kinachokata umeme fezi inapopotea au mota inapozidiwa, na fedha za kukinunua zitoke mwanzoni, pamoja na bei ya mashine.

Njia ninayoipendekeza: sehemu ndogo kwa mwezi, iliyobaki kwa ndoo

Kwa kuwa robo hivi ya uchakavu wa mashine ya namna hii nadhani hutokana na umri na robo tatu hutokana na kazi, ninapendekeza franki 15,000 zitengwe kila mwezi bila kujali kitu, kisha franki 45 kwa kila ndoo. Makadirio ya robo ni yangu, na fundi anayeijua mashine yako anaweza kuyarekebisha. Hivi ndivyo njia tatu zinavyokaa pamoja kwa mashine ileile, kwa franki:

| Mwezi | Kiasi kilekile | Kwa ndoo | Mchanganyiko |
|---|---|---|---|
| Ndoo 1,500 | 60,000 | 90,000 | 82,500 |
| Ndoo 900 | 60,000 | 54,000 | 55,500 |
| Ndoo 500 | 60,000 | 30,000 | 37,500 |
| Imesimama | 60,000 | 0 | 15,000 |

Kwa mwaka wa kawaida, zote tatu hufikia franki 720,000, yaani dola 320, kwa hiyo tofauti si wingi wa akiba bali ni namna inavyodaiwa. Mchanganyiko unawezekana katika mwezi wa ndoo 500, na mashine iliyosimama bado inatengewa kitu. Kazi ikipanda hadi ndoo 1,600 kwa mwezi, mashine inapokwisha katika mwezi wa 37 akiba itakuwa karibu dola 1,450. Zinapungua 150, pengo ambalo mtu analiziba kwa mkopo mdogo au kwa wiki chache za kazi, tofauti kabisa na lile la dola 600.

Kila mwaka, siku ileile, ulizia bei ya mashine mpya kwa muuzaji na uihesabu upya akiba yako. Watu wengi hukosea hapa kwa kushikilia bei waliyonunulia zamani, ambayo inafaa katika vitabu vya uhasibu lakini haitanunua mashine ya kesho. Tuseme baada ya mwaka mmoja bei imepanda kutoka dola 1,800 hadi 2,000. Ukitoa 200 za chuma na 320 ulizokwisha kuweka, unahitaji bado dola 1,480, na zimebaki ndoo 48,000. Kwa hesabu ya ndoo tupu, franki 60 zinakuwa karibu 70. Franki kumi zaidi kwa ndoo ni kitu ambacho mwenye mashine anaweza kukivumilia akikijua mapema.

Franki au dola

Mapato ya mashine ni franki na mashine yenyewe huuzwa kwa dola, kwa hiyo akiba inapaswa kubadilishwa kuwa dola kila mwezi, si siku ya kununua. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu franki 2,000, na mwishoni mwa 2024 ilikuwa karibu 2,800. Franki 720,000 zilizokuwa sawa na dola 360 mwanzoni zilibaki na nguvu ya dola 257 hivi mwishoni, bila mtu yeyote kuzigusa. Katika miezi ya mwisho ya 2025 mambo yaligeuka, franki ikapata nguvu ghafla, na waliokuwa na dola wakaona zinawapa franki chache. Kwa matumizi ya nyumbani hiyo ilikuwa hasara. Kwa akiba ya mashine haikuwa hasara mradi muuzaji aliendelea kudai dola zilezile, na ndiyo sababu ya kuweka akiba katika fedha ambayo kitu kinauziwa.

Mahali pa kuiweka hutegemea ukubwa wake. Kiasi cha mwezi mmoja au miwili kinakaa vizuri kwenye akaunti ya dola ya M-Pesa au Airtel Money, ukikumbuka gharama ya kutoa. Kikifika dola mia kadhaa, akaunti ya benki ni salama zaidi, lakini uliza kwanza benki inakata kiasi gani kila mwezi, kwa sababu makato madogo hula akiba ndogo upesi. Anayeamua kuweka noti nyumbani azikague moja moja anapozipokea: noti ya dola yenye mpasuko mdogo au wino hukataliwa hapa, na noti ya 100 iliyokataliwa ni zaidi ya miezi mitatu ya kutenga. Likelemba ina nguvu ya kumlazimisha mtu, lakini zamu yako haifahamu siku mota itakapoungua. Inafaa tu ikiwa zamu inapokuja fedha zinahamia kwenye akaunti ya mashine siku hiyohiyo.

Kwa vifaa vingine

Kanuni ya kuchagua ni kuuliza kifaa kinachakazwa na nini, na kama kazi yake inaweza kuhesabiwa bila ubishi. Friza ya kuuzia samaki huwaka mchana na usiku, kazi yake haina idadi, kwa hiyo kiasi kilekile cha kila mwezi kinaifaa kabisa. Mashine ya fotokopi karibu na chuo ina kihesabio cha kurasa ndani yake, nayo itengewe kwa kurasa peke yake, kwa maana hakuna daftari lililo sahihi kuliko hilo. Jenereta itengewe kwa saa, na isiyo na kihesabio cha saa ipimwe kwa lita za mafuta ilizonunuliwa. Cherehani ya fundi anayeshona mwenyewe huchakaa polepole na hugharimu kidogo, hivyo kiasi cha mwezi kinatosha, isipokuwa pale anapochukua kazi ya sare za shule mwezi wa Agosti na kushona usiku na mchana. Mwezi huo aongeze kiasi kwa kila sare, kama mwenye mashine anavyofanya kwa kila ndoo.